Vyombo na nyavu: niliyojifunza nilipotafsiri mswada Lamu

Mswada ulinifikia kwenye simu, Ijumaa baada ya Alasiri, kurasa 14 za Kiingereza. Aliyenitumia ni katibu wa kamati ya ufuo inayosimamia uvuvi wa kijiji cha Matondoni, kijana niliyemfundisha kidato cha tatu. "Mwalimu," akaandika, "tumepewa siku kumi na nne tutoe maoni na tano zimeshakwenda. Tutilie Kiswahili tujue twasema nini." Ulikuwa mswada wa kurekebisha sheria ya uvuvi. Sitautaja jina, kwa kuwa ninachotaka kueleza ni kazi ya maneno, na maneno hayo utayakuta katika miswada mingi.

Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka 20, na nilidhani kazi ile itakuwa ya jioni tatu. Kosa langu la kwanza nililifanya jioni ya kwanza: nilianzia mwisho. Nyuma ya kila mswada unaopelekwa Bungeni kuna maelezo ya madhumuni na sababu. Yanaeleza kwa nini mswada umeletwa, kila ibara inanuia nini, kama kuna mamlaka ya kutunga kanuni anayopewa waziri au afisa, kama kuna haki ya raia inayobanwa, kama mswada unahusu serikali za kaunti na kama unahusu fedha za umma. Yameandikwa kwa sentensi za kawaida, hayana ile milolongo ya "futa neno hili, weka lile". Kwa hiyo niliyatafsiri hayo kwanza, kurasa mbili, nikayatuma ili watu waanze kusoma wakati mimi naendelea na ibara zenyewe.

Jumapili katibu alinijibu kwa furaha. Watu wamesoma, wameridhika, wanasema huu ni mswada mzuri na pengine hakuna haja ya mkutano. Wakati huo mimi nilikuwa nimefika ibara ya 7.

Sheria iliyopo, kama ilivyonukuliwa nyuma ya mswada, ilisema mkurugenzi wa uvuvi anaweza kufunga eneo la uvuvi kwa muda kwa idhini ya kamati ya ufuo ya eneo hilo. Ibara ya 7 ilifuta maneno ya idhini na kuweka badala yake maneno ya kushauriana. Maelezo ya madhumuni yalisema nini juu ya ibara hiyo? Yalisema inanuia kuboresha utaratibu wa kushirikisha kamati za ufuo. Sentensi hiyo nilikuwa nimeitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, na watu wa Matondoni waliisoma wakaona wameongezewa nguvu. Kumbe walikuwa wanapunguziwa. Aliyeyaandika maelezo hakusema uongo, maana utaratibu mpya ulikuwa mwepesi zaidi kweli. Ila hakusema ni mwepesi kwa nani.

Usiku ule ule nilimpigia katibu nikamwomba aziondoe zile kurasa mbili mikononi mwa watu hadi ibara zimalizike. Tangu siku hiyo sijawahi kuyatoa maelezo ya mswada peke yake. Maelezo si sheria. Mswada ukipita, ibara ndizo zinazoingia kwenye sheria, na ile sentensi nzuri ya kuboresha haimo. Sasa ninayaweka kando ya ibara inayohusika, chini yake, kwa herufi za mlalo, na juu yake ninaandika "Mleta mswada anaeleza hivi". Msomaji anaona kwanza kinachobadilika, kisha anasikia sababu anayopewa, na anaweza mwenyewe kupima kama viwili hivyo vinakutana.

Hata hivyo shida ya ibara ya 7 ilikuwa haijaisha. Nilikuwa nimeandika "baada ya kushauriana na kamati ya ufuo", na sidhani kuna kamusi itakayonilaumu. Nilipomsomea shemeji yangu, ambaye ni mvuvi wa nyavu za jarife na hakuwahi kuuona mswada, nikamuuliza: "Kamati ikikataa, eneo litafungwa?" Akanijibu bila kusita: "Litafungwaje, na hawajaelewana?" Kwake yeye, na kwa wengi wetu huku, kushauriana ni kukaa barazani mpaka shauri liishe. Watu wakiondoka kila mmoja na lake, hawakushauriana, walibishana. Katika lugha ya sheria jambo ni tofauti: anayetakiwa kushauriana anatakiwa awasikilize wenzake kwa dhati na ayafikirie waliyosema, lakini uamuzi unabaki wake. Neno langu lilikuwa sahihi kwenye karatasi na likaingia masikioni mwa watu na maana nyingine, maana ambayo ingewafanya wanyamaze mahali walipohitaji kusema.

Nikabadilisha nikaandika: "baada ya kuisikiliza kamati ya ufuo, kamati ikikataa, bado mkurugenzi anaweza kufunga." Sehemu ya pili ya sentensi hiyo haimo kwenye Kiingereza. Kwa hiyo niliitoa ndani ya ibara, nikaiweka pembeni kama maelezo ya mfasiri, ili mtu asije akasimama mbele ya kamati ya Bunge akanukuu maneno ambayo mswada hauna. Mpaka huo niliushika mpaka mwisho wa kazi: kilichomo kwenye mswada kikae ndani ya ibara, kauli ya mleta mswada ikae chini yake, na langu mimi likae pembeni.

Ibara ya 5 ndiyo iliyonifundisha zaidi, na ilikuwa fupi kuliko zote. Ilileta ada mpya ya mwaka. Nilipoitafsiri mara ya kwanza niliandika: "Ada ya mwaka italipwa kwa vyombo na nyavu zinazotumika kwa uvuvi wa biashara." Niliiandika kama ulimi unavyokwenda, nikapita.

Mkutano wa kwanza tuliufanya Matondoni, chini ya banda ambalo mafundi huunda vyombo, harufu ya mbao na mafuta ya sifa imetuzunguka. Katibu alisoma ibara moja moja kwa sauti, kwa kuwa si wote waliokuja na miwani na wengine hawasomi. Alipofika ya 5, mzee mmoja nahodha aliinua mkono. "Mwalimu, mimi chombo changu hakijavua hata tafi mmoja. Chachukua mawe kutoka Maweni. Kwani na mimi nalipa?" Nikamjibu hapana, ni vyombo vya uvuvi wa biashara. Akasema: "Sivyo ulivyoandika. Umeandika nyavu zinazotumika. Nyavu. Vyombo umeviacha vitupu, basi ni vyombo vyote."

Alikuwa na haki. "Zinazotumika" ni la nyavu. Kama nilikusudia kueleza vyombo na nyavu kwa pamoja, ilinipasa niandike "vinavyotumika", na hata hivyo mtu angeweza kuuliza kama nyavu zimo. Nilirudi nyumbani nimekereka na nafsi yangu, nikafungua Kiingereza ili nirekebishe silabi mbili. Hapo ndipo nilipoona kwamba Kiingereza chenyewe hakikuwa kimeamua. Lugha hiyo haina ngeli. Neno "zinazotumika" kwao halibadiliki, liwe linaeleza nyavu peke yake au vyombo na nyavu kwa jumla. Mwandishi wa mswada aliandika sentensi ambayo yaweza kusomwa kwa njia mbili, na pengine mwenyewe hakuona. Kiswahili hakinipi nafasi hiyo ya kukaa katikati. Lazima niandike "zi" au "vi", na nikiandika moja tu nimeshaamua nani alipe.

Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria katika miaka yote ya kufundisha upatanisho wa ngeli ubaoni. Tunawaambia wanafunzi kwamba upatanisho ni adabu ya sentensi. Katika mswada upatanisho ni pesa. Kwa usomaji wa "zi", nahodha wa mawe analipa, na wa mashua ya kuvusha abiria Mokowe analipa, na mwenye dau la kwenda shambani analipa. Kwa usomaji wa "vi", hao wote hawamo.

Fanya nini basi? Kishawishi cha mfasiri ni kuchagua usomaji wenye busara na kusonga mbele. Mimi nilitamani kuchagua "vi", kwa sababu ndio unaoelekea kukusudiwa na ndio ungewatuliza watu. Lakini ningefanya hivyo, ningekuwa nimeuziba ufa ambao wananchi wana haki ya kuuona na kuuonyesha. Wangeondoka mkutanoni wametulia juu ya sentensi yangu, na sheria ingepita na sentensi nyingine. Kwa hiyo ndani ya ibara niliandika usomaji mmoja na mwingine, moja chini ya nyingine, zote mbili zikiwa na alama ya nyota, na pembeni nikaeleza kwamba Kiingereza kinaruhusu zote.

Na hapo yale maelezo ya madhumuni, niliyokuwa nimeyakasirikia kwa ajili ya ibara ya 7, yalirudi kutusaidia. Juu ya ibara ya 5 yalisema wazi kwamba ada inawalenga wavuvi wa biashara. Katika ibara ya 7 maelezo yaliificha hasara. Katika ibara ya 5 yalitoa kauli iliyo upande wa wananchi, na ibara ndiyo iliyolegea. Watu wa Matondoni hawakuhitaji kuipinga ada ya wavuvi ili kumwokoa nahodha wa mawe. Walihitaji kuiambia kamati: andikeni ndani ya ibara kile mlichokisema kwenye maelezo. Ombi la namna hiyo ni gumu kukataliwa kuliko malalamiko, kwa sababu linatumia maneno ya mleta mswada mwenyewe. Lakini huwezi kulitoa kama hujawekewa vyote viwili mbele ya macho, ibara na maelezo yake, na umeonyeshwa mahali visipokutana.

Kwa mkutano wa pili nilibadilisha namna ya kupima tafsiri. Zamani nilikuwa nauliza, "Mmeelewa?", na kila mtu huitikia ndiyo. Safari hii niliandaa watu wanne wa kubuni, lakini wa aina tunazoziona kila siku: nahodha wa mawe, mzee anayevua kwa mshipi kitoweo cha nyumbani, kijana mwenye jarife tatu asiye na chombo, anayepanda cha mwenzake, na mama anayemiliki mashua mbili za uvuvi lakini hajawahi kushuka baharini. Baada ya kusomwa kila ibara tuliuliza: huyu analipa? Huyu anakatazwa? Huyu aombe ruhusa kwa nani? Majibu yakigongana, nilijua kosa liko mahali pawili tu, kwangu au kwenye mswada, na nilirudi kwenye Kiingereza kutafuta ni wapi. Huyo kijana asiye na chombo alituonyesha kwamba ibara ya 6 haikusema leseni iko kwa jina la mvuvi au la mwenye chombo. Sikuwa nimeona hata kidogo.

Kuna makosa mengine madogo niliyoyaokota njiani. Kamba ni mfano: mswada ulitaja msimu wa kutovua kamba mawe, nami kwa haraka niliandika kamba tu, na kamba tu kwa watu wengi ni wale wadogo wa kuvuliwa mikokoni. Katibu aliliona kabla halijatoka. Neno la kutoa hiari nalo lilinisumbua, kwa kuwa "anaweza" laweza kusikika kama kusifu uwezo wa mtu. Nikaandika "anaruhusiwa, lakini halazimiki" lilipokuwa la hiari, na "lazima" lilipokuwa la amri. Wakati ujao mtupu, "ataitisha mkutano", niliuacha kabisa, maana watu waliusikia kama ahadi, na ahadi tumeahidiwa nyingi.

Jambo la namba lahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu ndilo lililokaribia kutuharibia maoni yote. Mswada wa marekebisho una namba zake, na sheria inayorekebishwa ina zake. Ibara ya 7 ya mswada, kwa mfano, ilikuwa inagusa kifungu cha 12 cha sheria iliyopo. Kwa Kiingereza vina majina mawili tofauti. Mimi nilikuwa nimeita vyote "kifungu", kama tunavyosema kila siku. Katika rasimu ya kwanza ya maoni, wanakijiji waliandika "tunapinga kifungu cha 12", wakikusudia lile suala la idhini. Mswada ulikuwa na ibara 13. Karani wa kamati Nairobi angefungua ibara ya 12, akakuta habari ya muhuri wa ofisi, akashangaa Matondoni wana ugomvi gani na muhuri.

Nilikumbuka kwamba Tanzania, ambako miswada imezoea kuambatana na madhumuni na sababu kwa Kiswahili, na ambako tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, wao husema ibara ya mswada na kifungu cha sheria. Nikaazima. Huku kwetu wapo wanaotumia neno ibara kwa Katiba, basi mwanzoni mwa tafsiri nikaandika mistari miwili kueleza ninavyoyatumia, na sikubadilika tena. Vilevile nilifuta "sheria kuu", niliyokuwa nimeiweka kwa maana ya sheria inayorekebishwa. Mzee mmoja alikuwa ameuliza kama Bunge linabadilisha Katiba, na swali lake lilitoka kwangu. Nikaandika "sheria iliyopo", basi.

Kwa kila ibara niliweka safu mbili. Kushoto, kifungu kilivyo leo. Kulia, kitakavyosomeka mswada ukipita, maneno mapya yakiwa na mstari chini yake. Mswada wenyewe haukupi hivyo. Unakupa mkasi na gundi: futa maneno haya katika kifungu kidogo cha pili, weka haya. Lakini vifungu vya zamani huchapishwa nyuma kabisa ya mswada, baada ya maelezo, na kazi ya kuvishona ni ya saa chache. Kwa mkutano hizo ndizo saa zilizolipa zaidi, maana mtu aliyeona kushoto "kwa idhini ya" na kulia "baada ya kuisikiliza" hakuhitaji hotuba yangu.

Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika kwamba hii ni tafsiri ya kusaidia mazungumzo, na kwamba Bunge linajadili maandishi ya Kiingereza. Wapo walioudhika. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi na ya Bunge pia, Katiba imesema, kwa nini tafsiri yetu iwe chini? Naielewa hasira hiyo na ninayo mwenyewe. Lakini Kifungu cha 120 cha Katiba hiyo hiyo kinasema matoleo ya lugha mbili ya sheria yakigongana, linalofuatwa ni lile lililotiwa saini na Rais, na mswada ule ulikuwa unakwenda kutiwa saini kwa Kiingereza. Kumficha mvuvi jambo hilo hakumpi heshima. Kwa hiyo katika maoni yetu ya maandishi kila hoja ilibeba namba ya ibara, namba ya kifungu, na maneno ya Kiingereza yenyewe tunayotaka yabadilishwe, kisha Kiswahili chetu.

Maoni yalitoka Lamu siku ya kumi na tatu, kurasa tatu, na saini na alama za vidole 61. Hoja zilikuwa mbili tu, ibara ya 5 na ya 7. Ile ya leseni ya ibara ya 6 tuliiongeza kama swali, kwa kuwa kijiji hakikukubaliana jibu linalofaa.

Ripoti ya kamati ilipotoka niliitafuta ibara ya 5 kabla ya kusoma kitu kingine. Walikuwa wameigawa aya mbili, (a) chombo kinachotumika kwa uvuvi wa biashara, (b) wavu unaotumika kwa uvuvi wa biashara. Ngeli zikakaa kila moja na lake. Ibara ya 7 walikuwa hawakurudisha idhini. Waliongeza kwamba mkurugenzi, akifunga eneo ambalo kamati ya ufuo imelikataa kufungwa, lazima atoe sababu zake kwa maandishi ndani ya siku saba. Nilimpigia katibu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Maandishi ya lugha gani?"

Nikafungua Kiingereza tena. Hawakusema.